Wasifu mfupi wa kijana anayejitolea: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kabla ya kuomba programu ya uongozi

Majibu haya yameandikwa kwa mwanafunzi wa sekondari anayejaza fomu ya programu ya uongozi wa vijana na kukuta kisanduku kinachosema: jitambulishe kwa maneno yasiyozidi 150. Mifano mingi ni ya Tanzania kwa sababu ndiko wanakotoka wengi wanaotuuliza. Aliye Kenya au kwingine atabadilisha majina ya vyeo na klabu tu, utaratibu hautofautiani.

## Mambo ya msingi

Wasifu mfupi ni kitu gani hasa? Si sawa na barua ya maombi?

Hapana. Barua ya maombi hueleza kwa nini unaitaka programu hiyo. Wasifu wa kazi huorodhesha shule, vyeti na vyeo kwa tarehe. Wasifu mfupi ni aya moja au mbili zinazomwezesha mtu asiyekujua kujibu swali moja: kijana huyu amefanya nini ambacho wengine walikifuata au kukitegemea?

Msomaji wako ana rundo la fomu mezani. Programu zinazojulikana, kama Kennedy-Lugar YES inayopeleka wanafunzi wa sekondari Marekani kwa mwaka wa masomo, au African Leadership Academy ya Afrika Kusini, hupokea maombi mengi kuliko nafasi zilizopo, na waombaji wengi wana alama nzuri. Kinachobaki kuwatenganisha ni matendo na jinsi yanavyosimuliwa. Ndiyo maana karibu kila jibu kwenye ukurasa huu linarudi kwenye ushahidi.

Uwe na urefu gani?

Fuata fomu. Isiposema chochote, maneno 100 hadi 150 yanatosha. Angalia kama kikomo ni cha maneno au cha herufi: kisanduku cha herufi 1,000, nafasi zikihesabiwa, huchukua takribani maneno 140 hadi 150 ya Kiswahili. Fomu nyingi za mtandaoni hukata kilichozidi bila kukuonya, kwa hiyo andika kwanza kwenye daftari au simu, hesabu, kisha bandika, halafu usome tena sentensi ya mwisho ukiwa ndani ya fomu yenyewe.

Niandike "mimi" au "yeye"?

Kwenye fomu ya maombi andika kwa nafsi ya kwanza, isipokuwa umeelekezwa vingine. Nafsi ya tatu hutumika pale wasifu utakaposomwa na mtu mwingine au kuchapishwa, kwa mfano kwenye kijitabu cha washiriki baada ya kuchaguliwa. Usichanganye. Wasifu unaoanza na "ni mwanafunzi wa kidato cha tatu" na kuishia na "napenda kujifunza" unaonyesha kwamba umenakiliwa kutoka sehemu mbili.

Sentensi ya kwanza iseme nini?

Umri, kidato, mahali, na jambo moja unalolifanya. Basi. Methali, nukuu ya kiongozi maarufu na "tangu utotoni nimekuwa na ndoto" hula nafasi ambayo huna. Mahali pana uzito kuliko watu wanavyodhani: anayesema anasoma shule ya kata ambako wanafunzi hutembea kilomita kadhaa kila asubuhi amekwisha kumpa msomaji kipimo cha kupimia yatakayofuata.

## Ushahidi wa shuleni

Mimi ni kiranja. Kwani haitoshi kuandika hivyo?

Haitoshi, kwa sababu cheo kinaeleza ulichopewa, hakielezi ulichofanya. Kila shule ina viranja, na msomaji anajua kwamba wengine huchaguliwa kwa kura, wengine huteuliwa na walimu, na wengine huvaa beji tu.

Chukua kiranja wa chakula. Cheo chake hakina mvuto kama cha kaka mkuu au dada mkuu, lakini kazi yake huacha alama inayoonekana. Labda foleni ya mchana ilikuwa inawachelewesha kidato cha kwanza hadi wanakosa kipindi cha kwanza cha mchana, naye akapendekeza kwa mwalimu wa zamu kwamba madarasa yapishane kwa dakika kumi, akasimamia kwa muhula mzima. Hapo kuna tatizo, uamuzi, mtu aliyeshawishiwa na matokeo. Wasifu wa kaka mkuu ambaye hana simulizi ya namna hiyo ni dhaifu kuliko wake, na tunasema hivi bila kusita.

Ukitaja cheo, kifuatie mara moja na kitendo kimoja ambacho kisingetokea bila wewe. Ukikaa ukifikiri na usikipate, acha cheo kiwe maneno mawili ndani ya sentensi nyingine, uende kwenye jambo ulilolifanya kweli.

Sijawahi kuwa kiongozi wa chochote. Niache kuomba?

Usiache. Tafuta mahali ambapo watu walikutegemea bila wewe kuwa na cheo. Nani huwaelekeza wenzake hesabu wakati wa maandalio ya jioni? Nani anashika ufunguo wa maktaba? Nani alikuwa anawapigia simu wachezaji ili timu ya mtaa itimie? Mambo haya husahaulika kwa sababu hayana hafla wala cheti.

Kuna kipimo kizuri cha kujitolea ambacho unaweza kukiazima. Katika Tuzo ya Rais ya Kenya, inayowapokea vijana wa miaka 14 hadi 24, ngazi ya Shaba humtaka mshiriki kutoa huduma kwa angalau miezi mitatu, Fedha sita, na Dhahabu kumi na miwili, kwa wastani wa saa moja kila wiki. Kinachothaminiwa pale ni kurudi wiki baada ya wiki. Ukikuta jambo ulilolifanya hivyo kwa miezi mitatu, umepata kiini cha wasifu wako.

Nipo Skauti, klabu ya mazingira, klabu ya kupinga rushwa na Msalaba Mwekundu. Niziandike zote?

Andika moja kwa kina, na nyingine moja kwa nusu sentensi kama inaongeza kitu tofauti. Orodha ya klabu nne humfanya msomaji ajiulize kama uliwahi kuonekana kwenye mikutano yake. Kuchagua, jiulize ni klabu gani ambayo mwalimu mlezi akipigiwa simu leo ataweza kusimulia ulichofanya bila kutafuta jina lako kwenye rejista. Hiyo ndiyo yako.

Nyingine hazipotei. Fomu karibu zote zina jedwali la shughuli mahali pengine, na huko ndiko zinakostahili.

Na alama zangu?

Ziache, zina sehemu yake kwenye fomu. Zitaje tu zikiwa sehemu ya simulizi, kwa mfano kama kikundi cha kujisomea ulichokianzisha kilibadilisha matokeo ya wanaokihudhuria.

## Ushahidi wa mtaani na nyumbani

Kulea wadogo zangu, kufundisha madrasa, kuimba kwaya: vinahesabika?

Vinahesabika vikionyesha jukumu. Aliyewafundisha watoto wa madrasa herufi kwa mwaka mzima amefanya kazi ya ualimu. Aliyeongoza mazoezi ya kwaya ya vijana amepanga ratiba, ametuliza ugomvi na kuwafikisha watu kwa wakati. Eleza kazi yenyewe ili hata msomaji wa dini nyingine, au asiye na dini, aelewe uliyoyabeba.

Kazi za nyumbani zinahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa wengi huziandika kwa sauti ya kuomba huruma. Kijana anayefungua genge la mama yake saa kumi na moja alfajiri kabla ya shule, anayeshika daftari la madeni na kujua nani wa kukopeshwa, anasimamia biashara. Aseme hivyo kwa utulivu, pamoja na saa na kazi. Ugumu wa maisha utaonekana wenyewe.

Nitapata wapi namba? Hatukuandika chochote.

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na jibu lake linafaa kuchukuliwa kwa uzito, kwa sababu hapa ndipo vijana waaminifu hujikuta wameandika uongo. Mtu anakumbuka "watu wengi", fomu inataka matokeo, anaandika "zaidi ya vijana 500". Kwenye usaili anaulizwa walikaa wapi.

Anza na vitu vilivyoacha kumbukumbu bila wewe kukusudia. Kundi la WhatsApp lina tarehe za kila mlipoitana. Picha za simu zina tarehe, na ukikuza unaweza kuhesabu watu. Risiti ya mbegu au viriba vya miche inakuambia idadi. Mwalimu mlezi ana rejista ya klabu. Ofisi ya serikali ya mtaa huwa na barua mliyoomba kutumia uwanja. Kisha hesabu kwa kuzidisha: mlikutana Jumamosi kuanzia Machi hadi Julai, ondoa likizo na siku za mvua, na idadi ya kawaida ya waliokuja ilikuwa kiasi gani? Ukipata makisio, andika "takribani" na uchague namba ya chini. Miche 60 iliyopandwa, 35 ikiwa bado hai, inaaminika kuliko "mamia ya miti", na inaonyesha kwamba ulirudi kuiangalia.

Tenganisha pia uliowafikia na waliobadilika. Wanafunzi 200 waliosimama kwenye paredi ukizungumza ni wasikilizaji. Watatu kati yao waliojiunga na klabu baadaye ni matokeo. Namba ndogo ya pili ina thamani kuliko kubwa ya kwanza.

Kama kazi yako bado inaendelea, nunua daftari leo: tarehe, waliokuja, kilichofanyika, kilichokwama.

Tulifanya kama kikundi. Nitasemaje sehemu yangu bila kujisifu?

Tumia "tuli-" kwa kazi ya wote na "nili-" kwa kipande chako, ndani ya sentensi mbili zinazofuatana: "Tulisafisha mfereji wa mtaa kila mwisho wa mwezi. Mimi niliomba majembe na toroli kwa wajumbe wa mtaa na kupanga nani aanze wapi." Huko si kujisifu, ni kueleza mgawanyo wa kazi. Anayeandika "nili-" mwanzo hadi mwisho hutiliwa shaka, na anayeandika "tuli-" tu hupotea kabisa.

## Mfano mmoja, tangu rasimu hadi mwisho

Mnaweza kuonyesha wasifu ukibadilika hatua kwa hatua?

Tumeutunga mfano huu kutokana na rasimu za aina tunayoiona mara nyingi. Mwombaji ni msichana wa kidato cha tatu, Tanga. Rasimu yake ya kwanza:

> Mimi ni kijana mchapakazi na mwenye mapenzi ya dhati kwa jamii yangu. Ni kiranja wa taaluma na mwanachama wa Skauti na klabu ya mazingira. Nimeshiriki shughuli nyingi za kujitolea na nimegusa maisha ya watoto wengi mtaani kwetu. Naamini vijana ni nguvu kazi ya taifa. Napenda kusoma, kusafiri na kukutana na watu wapya.

Futa jina lake, uweke la mwanafunzi yeyote nchini: hakuna sentensi itakayokuwa ya uongo. Hilo ndilo tatizo. Jambo pekee lenye uhai limefichwa katika "watoto wengi mtaani kwetu", kwa hiyo tunamuuliza kuhusu hao watoto. Ni akina nani? Wa darasa la pili na la tatu ambao hawajashika KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Wanakutana wapi? Kwenye chumba cha ofisi ya serikali ya mtaa, Jumamosi asubuhi. Ilianzaje? Mdogo wake alishindwa kumsomea aya moja ya kitabu cha shule. Walikuwa wangapi? Walianza 11, wakabaki tisa. Aliwezaje kujua kwamba wanasonga mbele? Mwezi Machi alimpa kila mtoto aya fupi asome bila msaada, na mwisho wa Julai akawapa aya nyingine ya kiwango kilekile.

Majibu mawili ya mwisho yanahitaji umakini. Aya ya pili ilipaswa kuwa tofauti, kwa maana mtoto aliyeisikia ile ya kwanza kila wiki angeweza kuikariri. Pia, mwezi Machi waliojua kusoma walikuwa wanne kati ya 11, na mwisho wa Julai wanane kati ya tisa, lakini mmoja wa wale wanne ni miongoni mwa walioacha. Kulinganisha wanne wa mwanzo na wanane wa mwisho kungechanganya makundi mawili. Ulinganisho wa haki ni wa watoto tisa walewale: watatu mwanzoni, wanane mwishoni. Wasifu sasa unasomeka hivi:

> Nina miaka 16, nasoma kidato cha tatu Tanga, na kila Jumamosi asubuhi nawafundisha watoto wa mtaani kwetu kusoma. Nilianza mwezi Machi, baada ya mdogo wangu wa darasa la tatu kushindwa kunisomea aya moja ya kitabu chake. Niliomba chumba kwa mwenyekiti wa mtaa, wakaja watoto 11. Wanafunzi wenzangu wawili walijiunga nami. Mimi hupanga zamu na kuandika mahudhurio. Kati ya watoto tisa waliobaki hadi mwisho wa Julai, watatu tu waliweza kusoma aya fupi bila msaada tulipoanza, na sasa wanaweza wanane. Wawili waliacha kwa sababu Jumamosi huwasaidia wazazi wao sokoni, hivyo nimeanza kuwafuata Jumatano jioni. Shuleni ni kiranja wa taaluma. Nataka kujifunza namna ya kuliacha kundi hili mikononi mwa wengine nitakapomaliza kidato cha nne.

Skauti na klabu ya mazingira vimekwenda kwenye jedwali la shughuli. "Mchapakazi" ametoweka, na hakuna atakayemtafuta, kwani kazi yenyewe ipo. Sentensi ya walioacha ndiyo tunayoipenda zaidi: inaonyesha kwamba aliuliza sababu, akabadilisha mpango badala ya kuwalaumu watoto.

Na fomu ikitaka maneno 50 tu?

Bakiza mtu, tendo, matokeo: "Nina miaka 16, nasoma kidato cha tatu Tanga. Tangu Machi nawafundisha watoto wa mtaani kwetu kusoma kila Jumamosi, pamoja na wenzangu wawili ninaowapangia zamu. Kati ya watoto tisa waliobaki hadi Julai, watatu waliweza kusoma aya fupi mwanzoni. Sasa wanaweza wanane." Kata chanzo na mipango kabla ya kukata matokeo.

## Hali zisizo za kawaida

Mradi wetu ulikufa. Niutaje?

Unaweza, kama unajua ulikufa kwa nini na ulifanya nini baadaye. Bustani ya mboga ya shule iliyokauka likizo ya Juni kwa sababu hapakuwa na wa kumwagilia ni simulizi nzuri ikifuatiwa na: "muhula uliofuata tuliwapa zamu wanafunzi wanaoishi karibu na shule." Bila sehemu hiyo ya pili, chagua shughuli nyingine.

Kazi ilikuwa ya lazima, shule nzima tulipelekwa kufanya usafi. Ni kujitolea?

Siku ile si kujitolea. Ulichoendelea kufanya baada ya siku ile, bila kuitwa, ndicho kujitolea. Msomaji wa maombi anajua shule zinavyofanya kazi, hivyo usijaribu kupindisha mambo.

Naweza kutaja majina au kuweka picha za watoto niliowasaidia?

Hapana, hata kama wazazi wao ni majirani. Mtu aliye chini ya miaka 18 ni mtoto kisheria, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina yake ya 2019. Zaidi ya sheria kuna heshima: mtoto huyo atakua, na hatapenda jina lake likae kwenye hati inayosema alikuwa hajui kusoma. "Mtoto mmoja wa darasa la tatu" inatosha. Kwa sababu hiyohiyo usiandike maradhi ya mtu wala hali ya familia yake kwa namna inayomtambulisha.

Na wewe mwenyewe ukiwa chini ya miaka 18, wasifu usiwe na namba ya simu, mtaa unaokaa wala jina la shule kama utachapishwa hadharani. Kwenye fomu, taarifa hizo zina visanduku vyake.

Mwalimu au kaka yangu amejitolea kuniandikia. Kuna ubaya?

Akusomee na akuulize maswali, kama tulivyofanya kwenye mfano wa Tanga. Asikuandikie. Wasifu ulioandikwa na mtu mzima hujulikana kwa maneno kama "kuwajengea uwezo wadau", na kwenye usaili utaombwa ueleze sentensi ambayo si yako. Akibadilisha neno, soma sentensi hiyo kwa sauti. Ukijikwaa, rudisha lako.

Fomu ni ya Kiingereza. Niandike kwanza kwa Kiswahili?

Kusanya mambo kwa Kiswahili, kwa sababu ndicho ulichokitumia siku zile na utakumbuka zaidi. Kisha andika upya kwa Kiingereza ukianza na kurasa tupu, badala ya kufuata sentensi moja moja. Tarajia maneno kuongezeka: "niliwafundisha" ni neno moja kwetu, huko yatakuwa matatu. Rasimu ya maneno 110 ya Kiswahili inaweza kuzidi kikomo cha 150. Vyeo vya hapa vieleze kwa kazi yake, maana msomaji wa mbali hajui mwenyekiti wa mtaa ni nani wala kiranja wa taaluma hufanya nini.

Sina cheti cha kuthibitisha. Wataniamini vipi?

Vyeti vya kushiriki semina husaidia kidogo sana. Anayehitajika ni mtu mzima asiye ndugu yako aliyekuona ukifanya kazi: mwalimu mlezi, mwenyekiti wa mtaa, ustadhi, mchungaji, kiongozi wa Skauti. Mwombe ruhusa kabla ya kuandika jina lake kwenye sehemu ya wadhamini, na umpe nakala ya wasifu wako. Wasimamizi wa programu wakimpigia, namba zake na zako zitafanana.

Mpe nafasi ya kukusahihisha pia. Mwenyekiti akisema, "Mwanangu, mlianza Aprili, Machi chumba kilikuwa na karatasi za uchaguzi," rekebisha tarehe kabla ya kutuma, kisha angalia kama hesabu yako ya Jumamosi bado inasimama (tazama swali la namba hapo juu).